Meseji ya mweka hazina: ya hasira, ya kubembeleza au ya heshima? Ulinganisho kutoka kikoba kimoja cha Nkuhungu

Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 25, hapa Nkuhungu, Dodoma. Tunakutana kila Jumamosi saa 10 jioni. Mweka hazina wetu ni fundi cherehani, na kwenye hesabu sijamwona wa kumfikia: daftari lake halina kufutafuta, na sanduku likifunguliwa fedha iliyomo inalingana na iliyoandikwa. Shida yake ni simu. Akishika simu baada ya kikao ambacho watu hawakuleta fedha, anaandika kama anavyosema, na anavyosema ni vikali.

Agosti 2025 ujumbe wake mmoja ulitugombanisha karibu nusu ya kikao kizima. Baada ya hapo nikapewa kazi ya kuziandika upya meseji zake kabla hajazituma. Hapa chini nimeziweka za kwake na zangu jirani, ili mwenye kikoba chake achague ipi inamfaa na kwa nani. Majina nimeyaondoa, kila mtu ni Fulani.

Huu ndio ujumbe wenyewe. Ulitumwa kwenye kundi la WhatsApp Jumapili tarehe 17 Agosti, saa 4 usiku:

> Jamani wanakikoba mnanichosha sasa. Kuna watu kukopa wanajua kulipa hawajui. Mama Fulani 124,000, Baba Fulani wa Kizota 11,000, na wengine mnajijua. Hujaleta hisa, hujaleta jamii, rejesho ndo kabisaaa. Hela za watu hizi. Jumamosi nataka kila kitu mezani la sivyo tusilaumiane 😡

Mtu wa kwanza kuusoma aliweka kicheko. Wa pili akaandika "mweka hazina leo kaamka vibaya". Mama Fulani alisoma na hakujibu kitu, na tangu hapo hadi Jumatano hakupokea simu ya mtu yeyote wa kikoba.

Zamani kidogo tulikuwa na mweka hazina mwingine, mpole mno. Yeye kwa hali hiyohiyo angeandika hivi:

> Wapendwa mbukwenyi. Tukumbushane tu kwa upendo kwamba Jumamosi iliyopita baadhi yetu hatukuwa vizuri kwenye michango. Najua hali ni ngumu kwa kila mtu. Mwenye nafasi ajitahidi. Mungu awabariki sana 🙏🙏

"Mbukwenyi" ni salamu ya Kigogo kwa watu wengi, na kwa kundi letu inapendeza. Lakini ujumbe huu haumkumbushi mtu chochote. "Baadhi yetu" ni nani? "Michango" ipi? "Ajitahidi" hadi lini? Aliyechelewa anasoma, anaandika "Amina", anarudi kwenye shughuli zake. Kwa miezi miwili tulikuwa na Amina nyingi na sanduku jepesi.

Watu hudhani uandishi wa heshima ni kuuchukua ujumbe wa kwanza na kuulainisha mpaka ufanane na wa pili. Mimi nilijaribu hivyo mwanzoni na nikakwama, kwa sababu kosa la ujumbe wa 17 Agosti halikuwa hasira peke yake. Tarakimu yenyewe, ile 124,000, haikuwa sahihi, na hata ningeitanguliza na "tafadhali" kumi ingebaki hivyohivyo.

Ile 124,000 ilitoka wapi

Mama Fulani anauza chakula, na wiki ya Nanenane alikuwa na banda la mama lishe kule viwanja vya Nzuguni. Kikao cha Jumamosi tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya kilele, hakuja na hakutoa taarifa. Kikao cha tarehe 16 hakuja pia, ila safari hii alimpigia mwenyekiti asubuhi kwamba mtoto amelazwa. Alikuwa na mkopo wa 300,000 wa miezi mitatu, na riba yetu ni asilimia 10 ya mkopo mzima, kwa hiyo anarudisha 330,000 kwa mafungu matatu ya 110,000. Fungu la Agosti lilitakiwa kikao cha tarehe 16.

Kwetu hisa moja ni 5,000, na kila kikao mwanachama hununua angalau moja. Mfuko wa jamii ni 1,000 kwa kikao. Kukosa kikao bila udhuru ni faini ya 1,000. Mweka hazina akajumlisha: rejesho 110,000, hisa za vikao viwili 10,000, jamii 2,000, faini mbili 2,000. Jumla 124,000. Hesabu ya kujumlisha iko sawa kabisa.

Tatizo ni kwamba alijumlisha vitu visivyofanana. Rejesho ni deni: fedha ya kikundi iko mkononi mwake na inatakiwa kurudi. Jamii ni mchango: akiutoa haurudi kwake, unakwenda kwa aliyefiwa au aliyeuguliwa, na safari hii aliyeuguliwa alikuwa yeye mwenyewe. Hisa ni akiba yake mwenyewe, anayoipata siku ya mgawo pamoja na faida. Asiponunua, anayepungukiwa kwenye mgawo ni yeye. Katiba yetu inamruhusu kujazia hisa alizokosa ndani ya mwezi huohuo. Mwezi ukiisha, zimepita. Kwa hiyo kumwambia "unadaiwa hisa" ni kumdai mtu akiba yake. Najua vipo vikoba ambavyo katiba yao imeandika hisa ya lazima isiyosamehewa, na huko lugha itakuwa nyingine. Fungueni katiba yenu kabla ya kunakili maneno yangu.

Faini nayo ina mwenyewe. Faini inathibitishwa na kikao na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Mweka hazina kazi yake ni kuipokea. Ya tarehe 9 ilikuwa halali. Ya tarehe 16 haikuwepo, maana udhuru ulitolewa, ila mwenyekiti alisahau kumwambia mweka hazina.

Ukitenganisha hivyo, alichotakiwa kuleta Mama Fulani ni 110,000 ya rejesho, 2,000 ya jamii na 1,000 ya faini: 113,000. Hisa ya 10,000 inakaa pembeni, hiari yake hadi mwisho wa mwezi.

Tofauti ya 11,000 inaonekana ndogo. Lakini Alhamisi tarehe 21 Mama Fulani alituma 110,000 kwa simu akijua amemaliza mkopo wa mwezi. Mweka hazina, ambaye kichwani ana jumla moja tu, akaipokea na kuikata kuanzia juu: faini kwanza, jamii, hisa, na kilichobaki, 96,000, ndicho akaandika kwenye rejesho. Jumamosi mama wa watu anafungua kitabu chake anakuta rejesho pungufu ya 14,000, na pembeni kwa penseli, "amechelewa". Hapo ndipo kikao kilipowaka. Kila mmoja alikuwa na hoja, kwa sababu ujumbe haukusema fedha ikija inaingia wapi kwanza.

Ujumbe wake binafsi, ulivyopaswa kwenda Jumatatu tarehe 18

Huu ndio ninaoupendekeza kwa mwanachama mmoja aliyechelewa kwa vitu zaidi ya kimoja. Unakwenda kwake peke yake, asubuhi, na si usiku wa Jumapili:

> Mama Fulani, habari za asubuhi. Pole na kuuguza, mwenyekiti ametueleza. Mtoto anaendeleaje?
>
> Nakuandikia kuhusu daftari lako hadi kikao cha 16 Agosti.
>
> Rejesho la mkopo la Agosti, 110,000/=, bado halijapokelewa.
> Mchango wa jamii wa vikao viwili ni 2,000/=.
> Faini ya kikao cha tarehe 9 ni 1,000/=. Tarehe 16 ulitoa udhuru, haina faini.
> Jumla ni 113,000/=.
>
> Hisa za tarehe 9 na 16 hazijanunuliwa. Hizo ni akiba yako, na ukipenda unaweza kuzijazia hadi kikao cha 30 Agosti.
>
> Naomba hiyo jumla ifike kabla au siku ya kikao cha Jumamosi tarehe 23. Ukituma kwa mafungu, tutaanza kuandika rejesho. Kama tarakimu yoyote hailingani na kitabu chako, nipigie tuangalie pamoja. Kama umeshatuma, nitumie namba ya muamala.
>
> Ahsante. Mweka hazina.

Ni mrefu kuliko alioandika yeye, sikatai. Mweka hazina alipouona mara ya kwanza aliniuliza, "Dada katibu, sasa hii ni meseji au ni risala?" Nikamwambia ahesabu dakika alizotumia kubishana Jumamosi.

Tazama "Pole na kuuguza" imekaa wapi. Imekuja mwanzo, kabla ya fedha. Ukiianza na fedha kisha ukamalizia na pole, pole inaonekana ya kujikosha. Na kama hujui kilichompata mtu, usibuni. "Natumaini u mzima" inatosha, au "habari za siku".

Sentensi ya "Ukituma kwa mafungu, tutaanza kuandika rejesho" ndiyo ingeokoa kile kikao. Sisi tumeamua rejesho kwanza kwa sababu ndiyo fedha ambayo mwanachama mwingine anaisubiri akope. Kikundi chenu kinaweza kuamua vingine. Muhimu mwanachama aujue mpangilio kabla hajatuma, asije akaukuta kwenye kitabu.

Maneno manne niliyobadilisha

| Aliandika | Nikaandika |
|---|---|
| Hujaleta | Halijapokelewa |
| Mama Fulani 124,000 | Jumla ni 113,000, kwa mchanganuo |
| Nataka kila kitu mezani | Naomba ifike kabla au siku ya kikao |
| La sivyo tusilaumiane | Nipigie tuangalie pamoja |

La kwanza nalipa uzito kuliko mengine. "Hujaleta" inamnyooshea mtu kidole, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba inadai kujua jambo ambalo mweka hazina halijui. Yeye anachokijua ni daftari lake tu. Yule Baba Fulani wa Kizota aliyeandikwa 11,000 kwenye kundi alikuwa ameshatuma Jumamosi mchana. Meseji ya uthibitisho ya mtandao wake ndiyo iliyochelewa kufika kwenye simu ya mweka hazina hadi Jumapili usiku, dakika chache baada ya jina lake kutangazwa. "Hujaleta" ikawa uongo. "Halijapokelewa" ingebaki kweli, hata kwake.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kiambishi cha mtu kikiondoka na cha kitu kikakaa mahali pake, lawama inapungua bila ukweli kupungua: rejesho halijafika, hisa hazijanunuliwa, kitabu hakijagongwa muhuri. Ila usipitilize. Nimeona ujumbe wa kikundi kingine umeandikwa "Unakumbushwa kulipa mara moja", na hiyo nayo ni kauli ya kutendwa, lakini aliyetendwa ni mtu. Inasomeka kama wito wa mahakamani. "Unakumbushwa" na nani? "Nakukumbusha" ina mwenyewe, ina sahihi chini, na ni laini zaidi.

"Nataka" na "naomba" sina haja ya kueleza, kila aliyelelewa hapa anajua. Kuna wanaoogopa kwamba "naomba" itafanya deni lionekane ni hisani. Haitafanya hivyo kama tarehe na kiasi vipo kwenye sentensi hiyohiyo. Kinachoharibu ni "naomba ujitahidi".

"La sivyo" nimeiondoa kwa sababu moja tu: mweka hazina hana la sivyo. Hana mamlaka ya kumsimamisha mtu, kumnyima mkopo wala kukamata dhamana. Hayo ni ya kikao. Akitishia kwa jina lake, siku kikao kikiamua kumvumilia mwanachama yule, yeye ndiye anayebaki na aibu. Ikibidi kutaja hatua, andika "jambo hili litafikishwa kikaoni", na ni kweli kwamba litafikishwa.

Wa kundi zima

Kwenye kundi mimi naweka ratiba na utaratibu, majina na kiasi cha mtu nayaacha nje:

> Mbukwenyi ndugu wanachama. Kikao chetu ni Jumamosi tarehe 23 Agosti saa 10 jioni. Tuje na vitabu, hisa, na jamii 1,000/=. Wenye marejesho ya Agosti ambayo hayajafika, nimemwandikia kila mmoja kwa namba yake. Aliyelipa kwa simu na hajaona nimemthibitishia, anitumie namba ya muamala kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Asanteni. Mweka hazina.

Wapo watakaosema kutaja majina ndiko kunakoleta fedha, na sitasema hawana hoja. Aibu inalipisha wengine haraka. Kwetu Mama Fulani alilipa ndani ya siku nne. Lakini wanachama wengine wawili waliosoma ile orodha walianza kukwepa kukopa kabisa, na kikoba kisichokopesha hakina faida ya kugawa mwisho wa mzunguko. Zaidi ya hapo, kundi la WhatsApp lina watu ambao si wanachama: mume anayeshika simu ya mkewe, binti anayemsomea mama. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kuanika mambo ya fedha za mtu si jambo la kuchezea. Kikaoni, ambako kila mwanachama yupo na vitabu viko wazi, madeni yanasomwa kwa sauti na hakuna anayelalamika. Pale ndipo mahali pake.

Meseji fupi ya kawaida

Kuna wanachama watano kwetu hawana WhatsApp. Kwa hao ule ujumbe mrefu hauwezekani. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidisha inakatwa vipande na unalipia zaidi ya moja. Hii hapa ina herufi 157:

```
Mama Fulani, habari za leo. Rejesho la Agosti 110,000/= halijafika kwenye daftari. Naomba tuwasiliane kabla ya Ijumaa. Kama umelipa nitumie namba ya muamala.
```

Nimechagua jambo moja tu, rejesho. Jamii na faini zitasemwa kwenye simu au kikaoni. Ukijaribu kubana vyote vinne kwenye herufi 160 utarudi kulekule kwenye jumla moja isiyoeleweka.

Na jihadhari na vikorombwezo. Ukiweka kikaragosi kimoja, au ile alama ya juu iliyopinda ambayo simu nyingine huiweka zenyewe kwenye neno kama Chang'ombe, nafasi ya meseji inashuka kutoka 160 hadi 70. Mweka hazina wetu alikuwa akishangaa kwa nini vocha yake inaisha kwa kuwakumbusha watu watano. Ilikuwa ule uso mwekundu.

Barua

Barua ninaiweka mwisho na sitaisema sana, kwa sababu haifai kuchaguliwa kirahisi. Sisi tunaiandika rejesho likipita siku 30, na baada ya kikao kuamua. Inakuwa na kumbukumbu namba, tarehe, "YAH: KUCHELEWA KWA REJESHO LA MKOPO", na kile kifungu cha "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ambacho wapo wanaokiandika hata kwenye WhatsApp, jambo linalochekesha. Mwili wake ni mfupi:

> Kikao cha tarehe ........ kilipitia daftari la mikopo na kubaini kuwa rejesho lako la ........, kiasi cha Sh ........, halijapokelewa hadi leo. Ulikumbushwa kwa ujumbe wa tarehe ........ na kwa simu tarehe ........
>
> Kwa mujibu wa ibara ya ........ ya katiba yetu, unaombwa kufika kwenye kikao cha tarehe ........ ukiwa na rejesho hilo, au na pendekezo lako la namna utakavyolilipa.

Wanatia sahihi watatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nakala inakwenda kwa wadhamini wake, na nyingine inabaki kwenye faili. Hapo ndipo zile meseji za mwanzo zinapopata kazi ya pili. Vikoba viko daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinasajiliwa kupitia halmashauri, na jambo likifika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ataanza kwa kuuliza mlimkumbusha lini na kwa maneno gani. Ule ujumbe wa 17 Agosti ungekuwa aibu kuutoa mbele yake. Wa tarehe 18 unatolewa bila wasiwasi, na tarakimu zake zinalingana na daftari.

Usiruke hatua kwenda kwenye barua. Mtu aliyechelewa wiki moja akipokea karatasi yenye muhuri atakuja kikaoni na shemeji yake anayejua sheria.

Basi ipi kwa nani

Kwa mwenzako wa rika ambaye amesahau tu hisa ya jana, sioni ubaya wa "Kaka, jana umetukimbia, tunakusubiri Jumamosi na kitabu." Utani wa watu wanaofahamiana una heshima yake, na ukimwandikia mchanganuo wenye aya atadhani mmegombana. Rasmi inaanza pale panapoingia mkopo, au panapopita kikao cha pili, au pale wewe mwenyewe unaposikia unaandika ukiwa umekunja uso. Hapo weka simu chini, lala, andika asubuhi.

Ule mrefu wenye mchanganuo ni kwa mwenye vitu zaidi ya kimoja. Ile fupi ni kwa mwenye jambo moja au asiye na WhatsApp. Wa kundi ni wa ratiba tu.

Anabaki mwanachama mmoja ambaye kwake hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa. Ni mzee wa Mkonze, ana shamba la zabibu, na fedha yake inakuja mavuno yakiuzwa, Agosti hadi Septemba, kisha tena Februari na Machi. Miezi ya katikati hisa yake ni moja moja. Haoni vizuri, na meseji zake anasomewa na mjukuu wa darasa la sita. Ule ujumbe wangu mzuri wenye tarakimu zote, nilioutuma "kwa namba yake peke yake", ulisomwa kwa sauti sebuleni mbele ya wakwe waliokuja kumtembelea. Aliniambia mwenyewe, bila hasira, na nilitamani ardhi ipasuke. Sasa kwake mweka hazina anatuma maneno haya tu, na kiasi kinasemwa akiwa peke yake shambani:

> Shikamoo mzee. Naomba nikupigie leo jioni kuhusu kikao chetu. Ni mimi kijana wako, mweka hazina.